Kuisoma Hati ya Mshahara: Malimbikizo Yanapolipwa, Fedha Huenda Wapi?

Mwishoni mwa mwezi watumishi wengi wa Tunduma hupata taarifa ya mshahara kwa ujumbe wa benki kwenye simu. Ujumbe huo hutaja kiasi kimoja tu, yaani fedha iliyoingia. Hati ya malipo ya mshahara, ambayo wengi huiita salari slipu, husomwa na wachache, na sababu kubwa ni kwamba imeandikwa kwa Kiingereza cha kihasibu. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyelipwa pungufu huweza kukaa miaka bila kujua, na mwingine aliyelipwa sawasawa huweza kudhani kwamba ameibiwa.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi katika mwezi ambao mtumishi analipwa fedha za nyuma. Mwezi huo hupokea fedha nyingi kuliko kawaida, lakini chache kuliko alizozitarajia. Mwezi unaofuata fedha hushuka ghafla, na maswali huanza. Makala haya yanafuata hati ya mtumishi mmoja wa mfano tangu kabla ya kupandishwa cheo hadi baada ya kulipwa malimbikizo yake, ili kila neno la hati hiyo lieleweke mahali linapofanya kazi.

Maneno manne na maana zake

Neno la kwanza ni "Basic Pay", yaani mshahara wa msingi. Huu ndio mshahara ulioandikwa katika barua ya ajira au ya kupandishwa cheo. Kwa mtumishi wa umma, ndio pia unaotumika kukokotoa mchango wa pensheni na wa bima ya afya.

La pili ni "Gross Pay". Hii ni jumla ya fedha zote anazostahili mfanyakazi katika mwezi huo kabla ya kukatwa chochote: mshahara wa msingi, posho kama zipo, na fedha za nyuma kama zinalipwa. Wahasibu huiita mshahara ghafi. Kama vile mahindi yaliyotoka shambani yanavyopimwa yakiwa bado na magunzi, ndivyo fedha hii inavyohesabiwa ikiwa bado haijaondolewa kitu.

La tatu ni "Net Pay", yaani mshahara unaobaki baada ya makato yote. Kiasi hiki ndicho kinachoingia benki. Kinapaswa kulingana na ujumbe wa simu hadi shilingi ya mwisho, isipokuwa kama benki yenyewe imekata ada au rejesho la mkopo baada ya fedha kuingia. Makato ya benki hayaonekani kwenye hati ya mwajiri, na hili pekee huzaa malalamiko mengi yanayopelekwa ofisi isiyohusika.

La nne ni "Arrears", ambalo ndilo linalowachanganya watu wengi zaidi. Katika Kiingereza neno hili humaanisha fedha iliyochelewa kulipwa, lakini halisemi ni nani anayedaiwa. Mpangaji aliyechelewesha kodi ya nyumba ana "arrears" anazodaiwa, na mtumishi aliyecheleweshewa mshahara mpya ana "arrears" anazodai. Ili kujua maana yake katika hati fulani, atazame limeandikwa upande gani. Likiwa upande wa mapato, ni malimbikizo ambayo mwajiri anamlipa mfanyakazi. Likiwa upande wa makato, kuna fedha ya nyuma inayorejeshwa kutoka kwake, kwa mfano mshahara uliozidishwa kimakosa au mchango ambao haukukatwa kwa wakati wake.

Mwalimu wa mfano

Tuchukue mwalimu wa kubuni anayefundisha shule ya msingi katika Kata ya Mpemba. Mwezi Juni mshahara wake wa msingi ni shilingi 760,000. Anapandishwa cheo, na barua yake inasema kwamba mshahara mpya wa shilingi 900,000 unaanza tarehe 1 Julai. Kwa sababu mabadiliko yanachelewa kuingia katika mfumo wa malipo, mwezi Julai, Agosti na Septemba anaendelea kulipwa mshahara wa zamani. Mshahara mpya unaonekana kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba, na katika hati hiyohiyo malimbikizo yake yanalipwa.

Hesabu ya malimbikizo ni nyepesi endapo mtu atashika mambo mawili. Kwanza, tofauti hupimwa kati ya mshahara wa msingi mpya na wa zamani, si kati ya fedha zilizoingia benki. Tofauti hiyo ni shilingi 140,000 kwa mwezi. Pili, miezi inayohesabiwa ni kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua hadi mwezi wa mwisho aliolipwa mshahara wa zamani. Oktoba haimo, kwa kuwa mwezi huo tayari amelipwa mshahara mpya. Kwa hiyo ni miezi 3, na malimbikizo ni shilingi 420,000.

Mwezi Oktoba mshahara wake wa msingi ni shilingi 900,000 na malimbikizo shilingi 420,000, jumla shilingi 1,320,000. Mwalimu anafanya hesabu kichwani: mshahara mpya pamoja na 420,000. Benki inamletea shilingi 983,800. Ni wapi zilikokwenda shilingi 336,200?

Makato hukatwa kwa mpangilio gani

Kato la kwanza kulitazama ni mchango wa pensheni. Kwa mtumishi wa umma fedha hii huenda kwenye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, unaotambulika kwa herufi PSSSF. Mfuko huo ulianza kazi mwezi Agosti 2018 baada ya kuunganishwa mifuko minne: PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara wake. Tuseme mwajiri amekata mchango katika mshahara na malimbikizo kwa pamoja, kwa kuwa malimbikizo ya mshahara nayo ni mshahara. Asilimia 5 ya shilingi 1,320,000 ni shilingi 66,000.

Mchango huu hutangulia kwa sababu ya kodi. Kodi ya mshahara, inayosomeka "PAYE" kwenye hati, haikatwi katika mshahara ghafi wote. Kwanza huondolewa mchango wa pensheni, kisha kinachobaki ndicho hutozwa kodi. Kwa mwalimu wetu kinachobaki ni shilingi 1,254,000.

Kodi yenyewe hupanda kwa ngazi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kitu. Sehemu iliyo juu ya hapo hadi shilingi 520,000 hutozwa asilimia 8, inayofuata hadi shilingi 760,000 hutozwa asilimia 20, na inayofuata hadi shilingi 1,000,000 hutozwa asilimia 25. Kinachozidi shilingi 1,000,000 hutozwa asilimia 30. Ni muhimu kuelewa kwamba kila asilimia hugusa fedha iliyo katika ngazi yake tu. Si kweli kwamba mtu akivuka shilingi 1,000,000 mshahara wake wote hukatwa asilimia 30.

Kwa ngazi hizo, mtu mwenye shilingi 1,000,000 za kutozwa hulipa kodi ya shilingi 128,000. Mwalimu wetu amevuka hapo kwa shilingi 254,000, na asilimia 30 ya kiasi hicho ni shilingi 76,200. Kodi yake ya Oktoba ni shilingi 204,200.

Yanabaki makato mawili. La bima ya afya ni asilimia 3 ya mshahara, naye mwajiri huchangia asilimia 3 nyingine. Hapa ni shilingi 39,600. Na tuseme mwalimu huyu ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi chenye ada ya asilimia 2, ambayo ni shilingi 26,400. Makato yote yakijumlishwa ni shilingi 336,200.

Jedwali lifuatalo linaweka miezi mitatu pamoja: mshahara wa zamani, mwezi wa malimbikizo, na mwezi wa kawaida wa mshahara mpya. Kiasi ni kwa shilingi.

| | Juni | Oktoba | Novemba |
|---|---|---|---|
| Mshahara wa msingi | 760,000 | 900,000 | 900,000 |
| Malimbikizo | – | 420,000 | – |
| Mshahara ghafi | 760,000 | 1,320,000 | 900,000 |
| Mchango wa pensheni | 38,000 | 66,000 | 45,000 |
| Kodi ya mshahara | 60,400 | 204,200 | 91,750 |
| Bima ya afya | 22,800 | 39,600 | 27,000 |
| Ada ya chama | 15,200 | 26,400 | 18,000 |
| Fedha iliyoingia benki | 623,600 | 983,800 | 718,250 |

Jedwali linafundisha nini

Tuanze na safu ya Novemba. Fedha imeshuka kwa shilingi 265,550 ikilinganishwa na Oktoba, lakini hakuna aliyeukata mshahara. Oktoba ulikuwa mwezi wa pekee, na Novemba ndiyo sura halisi ya mshahara mpya. Kiasi hicho cha shilingi 265,550 ndicho alichopata mkononi kutokana na malimbikizo ya shilingi 420,000.

Pili, nyongeza ya shilingi 140,000 kwenye mshahara wa msingi imeongeza shilingi 94,650 tu benki, kutoka 623,600 hadi 718,250. Anayelinganisha barua ya kupandishwa cheo na ujumbe wa benki ataona upungufu ambao haupo. Barua hutaja mshahara wa msingi, na benki hutaja mshahara uliobaki. Mambo hayo mawili hayalinganishwi moja kwa moja.

Jambo la tatu linahusu kodi. Kama mwalimu angelipwa mshahara mpya kwa wakati, nyongeza ya kodi yake ingekuwa shilingi 31,350 kila mwezi, yaani shilingi 94,050 kwa miezi mitatu. Malimbikizo yalipolipwa kwa mkupuo na kuhesabiwa pamoja na mshahara wa Oktoba, kodi iliongezeka kwa shilingi 112,450. Tofauti ni shilingi 18,400. Chanzo chake ni ngazi za kodi: fedha ya miezi mitatu imerundikana katika mwezi mmoja na kusukuma sehemu ya mapato kwenye ngazi ya asilimia 30, ambayo mwalimu huyu hangeifikia katika mwezi wa kawaida. Kwa hiyo kodi kubwa katika mwezi wa malimbikizo si ushahidi wa kosa. Kuchelewa kwenyewe ndiko kulikokuwa na gharama, na hii ni sababu mojawapo ya mtumishi kufuatilia barua yake mapema badala ya kusubiri fedha zikusanyike.

Upo pia mtego wa mikopo. Mtumishi anayekwenda kukopa akiwa na hati ya Oktoba huonekana ana uwezo wa kurejesha kuliko alionao. Makato ya mtumishi wa umma hayatakiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara wake wa msingi, ili abaki na angalau theluthi moja. Kwa mwalimu huyu theluthi moja ni shilingi 300,000. Anayekopa kwa kutazama shilingi 983,800 za Oktoba atajikuta akirejesha kwa shilingi 718,250 za Novemba. Hati ya kupangia mkopo ni ile ya mwezi wa kawaida.

Mstari wa pensheni unaonyesha robo tu

Mtumishi anaposoma shilingi 45,000 kwenye mstari wa PSSSF huweza kudhani kwamba hiyo ndiyo akiba yake ya mwezi. Sivyo. Hiyo ni asilimia 5 yake. Mwajiri anapaswa kuongeza asilimia 15, ambazo kwa mshahara wa shilingi 900,000 ni shilingi 135,000. Jumla inayotakiwa kufika kwenye Mfuko ni shilingi 180,000 kila mwezi. Sehemu ya mwajiri haikatwi kwa mfanyakazi, na ndiyo maana haimo katika jumla ya makato hata pale inapochapishwa kwenye hati.

Hapo ndipo malimbikizo na pensheni vinapokutana. Kwa miezi mitatu ya kuchelewa, mwalimu alichangiwa kwa mshahara wa shilingi 760,000 badala ya 900,000. Mchango uliokosekana, wa kwake na wa mwajiri, ni asilimia 20 ya shilingi 420,000, yaani shilingi 84,000. Kama katika hati ya Oktoba mstari wa PSSSF ungebaki shilingi 45,000, hiyo ingekuwa dalili kwamba malimbikizo yamelipwa bila mchango wake. Mfanyakazi angefurahia fedha zaidi benki mwezi huo, lakini kumbukumbu zake za uchangiaji zingebaki na mshahara wa zamani kwa miezi ambayo kisheria alikuwa na mshahara mpya. Hilo ni jambo la kuuliza mapema, si wakati wa kustaafu.

Tena, neno "contribution" kwenye hati linathibitisha kitu kimoja tu: kwamba fedha imetolewa kwenye mshahara. Halithibitishi kwamba imefika kwenye Mfuko. Uthibitisho wa kufika ni taarifa ya michango ya mwanachama, ambayo mtumishi wa umma anaweza kuiona kwa programu ya simu ya PSSSF Kiganjani au kuiomba katika ofisi ya Mfuko. Hati na taarifa hiyo ziwekwe pamoja na kusomwa mwezi kwa mwezi. Mwezi uliomo kwenye hati na haumo kwenye taarifa ni mwezi wa kudaiwa. Uzito wake ni huu: ili mwanachama astahili pensheni ya kila mwezi uzeeni, anatakiwa awe amechangia kwa muda usiopungua miezi 180. Aliye na miezi 178 iliyoandikwa, ilhali alikatwa miezi 180, ana kesi ya kujibu mbele ya karatasi.

Kwa wanaofanya kazi sekta binafsi

Wakazi wengi wa mji huu wa mpakani wameajiriwa katika kampuni za wakala wa forodha, maghala, vituo vya mafuta, nyumba za wageni na maduka. Kwao Mfuko ni NSSF, na hesabu ni tofauti kidogo. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Mwenye mshahara wa shilingi 400,000 akiona amekatwa shilingi 80,000 za NSSF, ajue kwamba mwajiri amembebesha na mzigo usio wake. Kato halali halizidi shilingi 40,000.

Tatizo jingine huwa ni kukosekana kabisa kwa hati. Mfanyakazi hupewa fedha mkononi na kuambiwa tu kwamba "vitu vyote vimekatwa". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aambatanishe malipo na maelezo ya maandishi yanayoonyesha ujira, pamoja na kiasi na sababu ya kila kato. Kuomba hati ni kudai kitu kilichomo katika sheria, wala si utovu wa nidhamu. Mgogoro ukishindikana kumalizika kazini, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hatua za mtumishi mwenye shaka

Mtumishi wa Halmashauri anayeona malimbikizo yake hayakulipwa, au yamelipwa pungufu, aanze na karatasi tatu: barua ya kupandishwa cheo au ya kurekebishiwa mshahara, hati ya mwezi wa mwisho wa mshahara wa zamani, na hati ya mwezi wa kwanza wa mshahara mpya. Katika barua apigie mstari tarehe ya kuanza. Katika hati mbili apigie mstari mshahara wa msingi. Atoe mdogo katika mkubwa, azidishe kwa idadi ya miezi iliyopita katikati, kisha alinganishe jibu na kiasi kilichoandikwa kwenye mstari wa malimbikizo upande wa mapato. Asilinganishe na fedha iliyoingia benki.

Jibu likilingana, malimbikizo yamelipwa yote, na tofauti iliyobaki ni makato ambayo sasa anaweza kuyahesabu mwenyewe. Jibu likipungua, agawanye upungufu kwa tofauti ya mwezi mmoja. Upungufu wa shilingi 140,000 kamili kwa mwalimu wetu ungeonyesha kwamba mwezi mmoja umesahauliwa, na mara nyingi ni mwezi wa kwanza au wa mwisho. Upungufu usiogawanyika sawasawa huashiria kwamba mshahara uliotumika katika hesabu si ule ulioandikwa kwenye barua.

Karatasi hizo, pamoja na hesabu iliyoandikwa kwenye ukurasa mmoja, zipelekwe kwa Afisa Utumishi, akitajiwa pia cheki namba ya mtumishi na mwezi unaolalamikiwa. Swali la makato ya benki lipelekwe benki, na la mchango usioonekana lipelekwe kwa mwajiri na kwa Mfuko. Nakala zibaki nyumbani, na hati za kila mwezi zihifadhiwe, iwe kwa kuchapishwa au kwenye simu, kwa kuwa mstari mmoja wa mwaka huu unaweza kuwa ushahidi pekee wakati wa kustaafu.